Asilimia 2 kwa mwezi, lakini ya pesa ipi?

Wanaokuja kwenye dirisha la sako yetu ya akiba na mikopo kuulizia mkopo karibu wote huanza na swali moja: "Riba yenu ni ngapi?" Tukijibu kuwa ni asilimia 2 kwa mwezi, wengine huomba fomu papo hapo, na wengine husema hata kule ng'ambo ya barabara ni asilimia 2 vilevile, basi hakuna tofauti. Tofauti inaweza kuwepo, tena kubwa. Kabla ya kulinganisha, uliza: ni asilimia 2 ya pesa ulizochukua siku ya kwanza, au ya pesa unazodaiwa bado?

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa dagaa aina ya mukene hapa Busia, Uganda, anayetaka shilingi 2,400,000 kuongeza mzigo, alipe kwa miezi 12.

Akikopa kwa riba isiyopungua, ile ambayo maafisa wa mikopo huiita fleti, asilimia 2 inapigwa kwa 2,400,000 kila mwezi mpaka mwisho. Ni 48,000 mwezi wa kwanza, na ni 48,000 mwezi wa 12, ingawa kufikia hapo deni lenyewe limebaki 200,000 tu. Riba yote inafika 576,000, na rejesho la kila mwezi ni 248,000.

Akikopa kwa riba ya salio linalopungua, anarudisha 200,000 za deni kila mwezi, na riba inahesabiwa kwa kilichobaki. Mwezi wa kwanza ni 48,000, wa pili 44,000, wa tatu 40,000, hivyo hivyo hadi 4,000 mwezi wa mwisho. Jumla ya riba ni 312,000. Kiwango kilichotangazwa ni kilekile, muda ni uleule, lakini tofauti ni 264,000. Ukitaka kuiona fleti hiyo kwa kipimo cha salio linalopungua, asilimia 2 yake ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi.

Fleti si wizi. Ni hesabu rahisi, mtu anajua rejesho lake bila kikokotoo, na kwa mkopo wa mwezi mmoja hakuna tofauti yoyote. Tatizo ni pale inapotajwa kwa namba ndogo bila jina lake. Tatizo jingine la aina hiyo ni kuchanganya mwezi na mwaka: pesa za serikali za Mpango wa Maendeleo wa Parishi hutozwa asilimia 6 kwa mwaka, na kuna watu wanaodhani asilimia 2 ya kwetu ni nafuu kuliko hiyo. Sivyo. Asilimia 2 kwa mwezi ni 24 kwa mwaka.

Unaweza kujua mwenyewe umepewa ipi, hata kama aliye mbele yako anazungukazunguka. Muulize marejesho yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, jumla yake ni shilingi ngapi. Toa humo mkopo wenyewe. Kinachobaki ndiyo riba. Sasa zidisha mkopo kwa asilimia waliyokutajia na kwa idadi ya miezi. Majibu mawili yakilingana, hiyo ni fleti. Kwa mkopo wa mwaka mmoja, riba ikiwa imezidi kidogo tu nusu ya jibu hilo la pili, hiyo ni ya salio linalopungua. Wapo wanaopanga salio linalopungua kwa marejesho yaliyo sawa kila mwezi. Kwa mfano wetu lingekuwa karibu 227,000, na riba yote karibu 323,000. Hiyo nayo ni halali kabisa.

Sasa makato, kwa sababu 2,400,000 iliyoandikwa kwenye mkataba siyo itakayofika mkononi. Sako yetu inatoza fomu 20,000, ada ya kushughulikia mkopo asilimia 2, yaani 48,000, na bima asilimia 1, yaani 24,000. Jumla 92,000. Kwa hiyo pesa anayoitumia kweli ni 2,308,000, ilhali riba inahesabiwa kwa 2,400,000 nzima. Kwetu atarudisha 2,712,000, hivyo mkopo huu unamgharimu 404,000 na wala si 312,000. Bima hiyo hulipa salio mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Haigusi ugonjwa wa wiki tatu, wala mzigo uliooza njiani. Na akiba yake ya 800,000, iliyomwezesha kukopa mara tatu yake, haitolewi mpaka deni liishe. Kama anategemea akiba hiyo kwa karo ya muhula ujao, afadhali ajue leo.

Jambo ambalo huwaumiza wengi halionekani siku ya kusaini. Huja katikati, mwezi wa sita, biashara imechangamka na mtu anaambiwa "umelipa vizuri, njoo tukuongezee". Tuseme mfanyabiashara wetu alichukua fleti mahali fulani na ameshalipa marejesho sita. Anapewa mkopo mpya wa 2,400,000, wa zamani ukatwe humo. Unakatwa kiasi gani? Mikataba mingi ya fleti hudai marejesho yote yaliyobaki: mara sita 248,000, yaani 1,488,000. Humo ndani kuna 288,000 ambazo ni riba ya miezi ambayo haijafika. Anaondoka na 912,000 kabla ya ada, kisha anaanza upya kulipa 248,000 kwa mwezi kwa mwaka mzima. Zile 288,000 zimegeuka kuwa deni, na sasa nazo zinazaa riba.

Kwa salio linalopungua, baada ya marejesho sita anadaiwa 1,200,000 tu. Akitaka kumaliza siku hiyo analipa hizo, na 84,000 za riba ya miezi iliyobaki hazidaiwi. Kwetu hakuna faini ya kulipa mapema. Kwingine ipo, kwa hiyo tafuta kwenye mkataba neno la kulipa kabla ya muda, na kama halimo, omba liandikwe. Ahadi ya mdomo haitakusaidia hata mbele ya UMRA, mamlaka ya serikali inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji kwa sheria ya mwaka 2016.

Faini ya kuchelewa nayo ina mtego wa aina ileile. Asilimia 5 ya rejesho la 248,000 ni 12,400. Asilimia 5 ya salio lote la, tuseme, 2,000,000 ni 100,000. Sisi tunatoza kwa sehemu ya rejesho iliyochelewa, mara moja, si kila wiki.

Mdhamini pia apewe karatasi za mkopo asome, kwani mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini ndiyo inayoguswa.

Ratiba ya marejesho tunaichapisha kabla ya kusaini, mstari kwa mstari: tarehe, deni, riba, salio. Unaenda nayo nyumbani, na asiyesoma Kiingereza tunamsomea kwa lugha anayoielewa. Hakuna afisa wetu atakayekupigia simu kukuuliza umeamua nini. Ila ile 20,000 ya fomu hairudishwi ukighairi, kwa hiyo omba ratiba kwanza, ambayo ni bure, na fomu uinunue ukishapiga hesabu zako.