Kupima kizao cha uyeyukaji cha kloraidi ya fedha kwa voltimita

Kloraidi ya fedha (AgCl) huyeyuka kidogo mno: lita moja ya maji ya nyuzi 25 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 2 tu. Ukitaka kujua kizao chake cha uyeyukaji, yaani ukolezi wa ioni za fedha mara ukolezi wa ioni za kloraidi katika myeyusho uliojaa, mizani haikufikishi mbali. Voltimita inafika, kwa sababu volteji hufuata logi ya ukolezi. Kila ukolezi wa ioni za fedha unapopungua mara kumi, waya wa fedha uliotumbukizwa humo hushuka kwa volti 0.0592. Uhusiano huo aliuandika Walther Nernst mwaka 1889.

Chukua bika mbili ndogo. Ya kwanza itie nitrati ya fedha ya moli 0.10 kwa lita. Ya pili itie kloraidi ya potasiamu ya moli 0.10 kwa lita, kisha udondoshee matone machache ya nitrati ya fedha na kukoroga. Ukungu mweupe utatokea mara moja. Ukungu huo ndio chumvi yenyewe, na ukiwepo unajua kwamba myeyusho umejaa. Tumbukiza waya wa fedha katika kila bika, ukiwa umesuguliwa kwa msasa laini na kusuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Nitrati ya fedha huacha madoa meusi kwenye ngozi, kwa hiyo vaa glavu.

Bika hizo zinaunganishwa na daraja la chumvi: ukanda wa karatasi ya kuchujia uliolowekwa nitrati ya potasiamu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mwanafunzi hutumia kloraidi ya potasiamu kwa kuwa ndiyo iliyo mezani, na kloraidi huvuja kuingia kwenye bika ya nitrati ya fedha. Dalili yake ni ukungu mweupe kuanza pale ukanda unapogusa bika ya kwanza. Ukiuona, usiendelee kusoma namba. Mwaga na uanze upya.

Unganisha multimita ya dijitali, ambayo ukinzani wake mkubwa hauruhusu mkondo wa maana kupita. Waya ulio katika nitrati ya fedha ndio chanya. Tuseme namba imetulia kwenye volti 0.444. Gawa kwa 0.0592, unapata 7.5. Maana yake ukolezi wa ioni za fedha katika bika ya pili ni mdogo kuliko wa bika ya kwanza kwa mara 10^7.5, yaani 3.2 × 10⁻⁹ moli kwa lita. Zidisha kwa ukolezi wa kloraidi, 0.10, na kizao cha uyeyukaji kinakuwa 3.2 × 10⁻¹⁰.

Vitabu vinasema 1.8 × 10⁻¹⁰. Wengi wakifika hapa hulaumu kifaa, au, vibaya zaidi, huirekebisha volteji kwenye daftari. Namba ya kifaa ni sahihi. Katika myeyusho wenye ioni nyingi, kila ioni huzungukwa na zenye chaji kinyume, hivyo hufanya kazi kana kwamba ni chache kuliko zilivyo. Waya wa fedha huhisi nguvu hiyo ya kutenda, hauhesabu moli. Kwa nitrati ya fedha ya 0.10 kigezo cha utendaji, yaani sehemu ya ukolezi inayotenda kweli, ni karibu 0.73, kwa kloraidi ya potasiamu ya 0.10 ni karibu 0.77. Zidisha 3.2 × 10⁻¹⁰ kwa vigezo vyote viwili, na jibu linakuwa 1.8 × 10⁻¹⁰.

Usahihi nao una mpaka wake. Kosa la milivolti 1 hubadilisha jibu kwa takriban asilimia 4, na mpaka kati ya daraja na myeyusho huongeza volteji yake ndogo isiyoondoka kabisa. Kwa hiyo tarakimu mbili zinatosha. Anayeandika nne anajidanganya. Joto pia lisisahaulike: kwa nyuzi 30 mteremko wa volti kwa kila mara kumi ni 0.0601 badala ya 0.0592, na chumvi yenyewe huyeyuka zaidi, hivyo usilinganishe jibu lako na namba ya nyuzi 25.

Mwenye shaka kuhusu vigezo vya utendaji arudie jaribio kwa myeyusho ya 0.010 pande zote mbili. Volteji itashuka hadi karibu 0.335, na hesabu isiyorekebishwa itatoa takriban 2.2 × 10⁻¹⁰, karibu zaidi na thamani ya vitabuni, kwa kuwa ioni zimepungua na haziingiliani sana.