Mwezi mnene haumaanishi tumekula Ramadhani

Kila mwaka hapa Kadutu nasikia neno lile lile: “Mwalimu, mwezi wa jana ulikuwa mkubwa, ule ni wa siku mbili. Mmetulisha siku ya kwanza!” Na anayesema hivyo huwa na uhakika kabisa. Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu wawashuku mashehe wao bure.

Mwezi huzaliwa pale unapokuwa upande mmoja na jua, na hilo hutokea saa yoyote, usiku au mchana. Wakati huo hauonekani. Kwa jicho tupu huwa unahitaji kufikisha kama saa ishirini hivi, pengine zaidi, ndipo uonekane baada ya jua kutua.

Chukueni mwaka 2024. Mwezi wa Ramadhani 1445 ulizaliwa Jumapili tarehe 10 Machi, saa tano asubuhi kwa saa zetu za Bukavu. Jua lilipotua, baada ya saa kumi na mbili na robo jioni, ulikuwa na umri wa saa saba tu. Hakuna jicho la kuuona hapo. Saudia walitangaza saumu Jumatatu tarehe 11, lakini aliyetegemea macho yake hapa alikamilisha Shaabani siku thelathini, akaanza Jumanne tarehe 12. Jumatatu jioni mwezi ulikuwa na saa thelathini na moja. Lazima uwe mnene na ukae juu muda mrefu! Hata hivyo, ule ni usiku wake wa kwanza kuonekana.

Na swali hili ni la zamani. Watu waliokwenda umra waliuona mwezi pale Batn Nakhla, wengine wakasema ni wa siku mbili, wengine siku tatu. Ibn Abbas aliwauliza waliuona usiku gani, akawajibu kwamba ni wa usiku ule ule waliouona.

Wengine huniambia telefone tayari imeandika tarehe. Imeandika hesabu. Haijui kwamba Machi ni masika na mawingu yamefunika vilima vya Kabare.

Kuhusu Ramadhani “kurudi nyuma” kila mwaka katika kalenda ya kawaida: hakuna siku zilizopotea. Miezi kumi na miwili ya Hijria ni siku 354 au 355, wala haiongezwi kitu ili kulifuata jua. Ndiyo maana mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba.

Unene achaneni nao. Shahidi akija, muulizeni pembe zilielekea wapi. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala kama mtumbwi, pembe juu, mgongo ukielekea jua lilikozama. Akisema pembe zilielekea chini, kwenye jua, alichokiona si mwezi, hata akiapa.