Jumla ya Michango Ilivyopatikana na Kuhakikiwa: Barua ya Mweka Hazina kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Tangu jumla ya michango ya kipindi kilichopita itangazwe kuwa 52,290, ofisi ya mweka hazina imepokea maswali mengi, na baadhi yake yameandikwa kwa lugha ya shutuma kuliko ya kuuliza. Wapo waliojumlisha stakabadhi zote wakapata 52,640. Wapo walioona salio la benki la siku ya kufunga hesabu, ambalo ni 51,655. Wapo pia waliofungua orodha tuliyoisambaza, wakaijumlisha kwa kompyuta, wakapata 51,470. Katika namba hizi nne, tatu ni sahihi, kila moja kwa kile inachokipima. Ya nne imetokana na namna kompyuta inavyojumlisha, nami nitaieleza mahali pake.

Msingi wa hesabu yetu ni kitabu cha stakabadhi, wala si ujumbe wa simu au kumbukumbu ya aliyepokea fedha. Katika kipindi hiki zilitumika stakabadhi namba 0301 hadi 0396, yaani 96 kwa jumla. Kabla ya kujumlisha chochote, mkaguzi wetu wa ndani alipitia namba hizo moja baada ya nyingine ili kuona kama kuna iliyoruka, kwa sababu stakabadhi isiyoonekana ni jambo zito kuliko stakabadhi yenye kiasi kilichokosewa. Mbili zilikuwa zimeandikwa “batili”. Stakabadhi haibatiliki kwa kuchorwa mstari tu: ni lazima karatasi halisi ibaki kitabuni pamoja na nakala yake ya kaboni, zote mbili zikiwa zimebanwa na kusainiwa. Karatasi halisi isipokuwapo, stakabadhi hiyo huhesabiwa kuwa fedha imepokelewa, na aliyeitoa ndiye anayepaswa kueleza fedha iko wapi. Mbili hizo zilikuwa kamili, hivyo zikabaki stakabadhi halali 94.

Nakala hizo ziligawanywa katika mafungu manne kufuata namba: 0301 hadi 0325, 0326 hadi 0350, 0351 hadi 0375, na 0376 hadi 0396. Kila fungu lilijumlishwa kwa kikokotoo chenye karatasi, kuanzia juu kwenda chini, kisha mtu mwingine akalijumlisha kuanzia chini kwenda juu bila kuoneshwa jibu la kwanza. Sharti hili la kutooneshwa jibu wengi huliona kama urasimu. Ukweli ni kwamba mtu anayejua jibu linalotarajiwa huacha kujumlisha na kuanza kulitafuta jibu hilo, na akikosea kidogo hurudia mpaka lilingane. Akilipata mara moja kwa bahati hafanyi tena. Majumla manne yakawekwa pamoja, yakaleta 52,640.

Hizo ndizo fedha zote zilizopokelewa, lakini si michango yote. Ndani yake mna faini za kuchelewa, 25 kwa kila mmoja wa wanachama 14 waliolipa baada ya tarehe ya mwisho, yaani 350. Kwa mujibu wa kanuni zetu, faini hukatwa kwanza na kinachobaki ndicho huandikwa kuwa mchango. Kwa hiyo aliyeleta 500 akiwa amechelewa ataona 475 katika safu ya michango na 25 katika safu ya faini, na hajaibiwa 25. Naomba pia ieleweke kwamba mweka hazina hana mamlaka ya kusamehe faini. Ombi hupelekwa kwa kamati kwa maandishi, na hata likikubaliwa, stakabadhi iliyokwishatolewa haifutwi. Fedha hurudishwa kwa hati ya malipo inayojitegemea, yenye saini ya mwenyekiti. 52,640 ukitoa 350 unapata 52,290, nayo ndiyo jumla ya michango iliyotangazwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kulinganisha jumla hiyo na daftari la wanachama, ambamo karani hunakili kila stakabadhi kwenye mstari wa mwenyewe. Mara ya kwanza daftari lilileta 52,020, yaani pungufu ya 270. Hapa ndipo mafungu manne yalipotusaidia, kwa sababu matatu kati yake yalilingana na daftari na tofauti yote ikawa katika fungu la pili, lenye stakabadhi 25 tu.

Tofauti ya 270 inagawanyika kwa 9 bila baki, na mtu wa hesabu akiona hivyo hushuku mambo mawili kabla ya mengine. La kwanza ni tarakimu mbili kubadilishana nafasi wakati wa kunakili. La pili ni sifuri kupungua au kuongezeka mwishoni, kama vile 300 kuandikwa 30. Mchango mdogo kabisa katika fungu lile ulikuwa 100, na hapakuwa na mstari wowote wenye 30, hivyo dhana ya pili ikaondoka. Ikabaki ya kwanza. Tarakimu za mamia na makumi zikibadilishana, tofauti huwa ni 90 mara tofauti ya tarakimu zenyewe. 270 ni 90 mara 3, kwa hiyo tulitafuta katika daftari kiasi ambacho tarakimu yake ya makumi inazidi ya mamia kwa 3. Vilikuwapo viwili tu, 250 na 140. Nakala ya kaboni ya kile cha 250 ilisema 250. Nakala ya stakabadhi 0347, ambayo daftarini ilikuwa 140, ilisema 410. Mstari ulisahihishwa kwa kukata kiasi cha zamani kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, kuandika kipya juu yake, na kuweka saini mbili na tarehe. Daftari halifutwi kwa wino mweupe kwa sababu yoyote ile.

Nitahadharishe kwamba kugawanyika kwa 9 ni dalili tu. Tofauti inaweza kugawanyika hivyo kwa bahati, na makosa mawili yakichanganyika yanaweza kuificha dalili kabisa. Kinachothibitisha ni nakala ya stakabadhi kuonekana kwa macho.

Sasa benki. Akaunti ya michango hii ilifunguliwa bila salio, hivyo wengi walitarajia taarifa ya benki isome 52,640 na wakashtuka kuona 51,655. Salio la benki na daftari la fedha hulingana kwa nadra siku ya kufunga hesabu, na mtu akiniletea yanayolingana kila mara ningemkagua yeye kwanza. Fedha taslimu 1,200 zilipokelewa siku ya mwisho baada ya benki kufungwa. Zina stakabadhi, ila benki iliziingiza siku ya kazi iliyofuata, na ukurasa wa taarifa unaoonesha hivyo umeambatishwa. Benki nayo ilikata 85 kwa huduma zake. Kisha kuna 300 zilizoingizwa moja kwa moja katika akaunti na mtu ambaye hakuandika jina wala namba ya uanachama. Anza na 52,640, toa 1,200, toa 85, ongeza 300, utapata 51,655 kamili. Makato ya benki ni matumizi ya chama na hayapunguzi mchango wa mtu yeyote. Zile 300 zimewekwa kando katika akaunti ya muda na hazimo katika 52,290, kwa kuwa hatujui kama ni mchango, faini au fedha iliyokosea njia. Aliyeziweka alete hati ya benki au namba ya muamala. Picha ya ujumbe uliopitishwa kutoka simu ya mtu mwingine haitoshi, nami nimelisema hili mara nyingi.

Kuhusu 51,470, waliopata kiasi hicho hawakukosea kujumlisha. Orodha ina mistari 94, lakini katika mistari miwili, wenye 500 na wenye 320, kiasi kilinakiliwa pamoja na nafasi tupu, na kompyuta ikakichukua kuwa maandishi. Kanuni ya kujumlisha huruka maandishi bila kutoa onyo lolote, na 500 pamoja na 320 ni 820, ambayo ndiyo tofauti yote. Anayetaka kujihakikishia aandike kanuni hizi mbili katika seli tupu za orodha ile:

```
=COUNT(D2:D95)
=COUNTA(D2:D95)
```

Ya kwanza huhesabu seli zenye namba tu na italeta 92. Ya pili huhesabu seli zote zisizo tupu na italeta 94. Zikitofautiana, kuna kiasi kisichojumlishwa. Mara nyingi huonekana hata kwa jicho, kwa sababu maandishi huegemea kushoto mwa seli na namba huegemea kulia, isipokuwa kama mtu amebadilisha mpangilio. Orodha iliyorekebishwa itatumwa pamoja na barua hii. Jumla ya chama haikuguswa na jambo hili, kwa kuwa ilitoka kwenye nakala za kaboni na si kwenye orodha.

Yapo mawili ambayo uhakiki huu wote hauwezi kuyaona. La kwanza ni mchango kuandikwa kwenye mstari wa mtu mwingine. Stakabadhi 0362 ya 600 iliwekwa kwa mwanachama mwenye jina linalofanana na la mlipaji. Daftari lililingana, fungu lililingana, benki ililingana, na mwenye fedha alikuwa anasomeka kama asiyechanga. Iligunduliwa kwa sababu alileta stakabadhi yake. La pili ni fedha iliyokabidhiwa mkononi bila stakabadhi kutolewa. Hiyo haimo kitabuni, haimo daftarini wala benki, na hakuna kujumlisha kutakakoionesha. Wanaosema “nilimpa fulani, yeye anajua” wanaleta kwangu jambo lisilo na karatasi, na bila karatasi ninachoweza kufanya ni kulipeleka kwa kamati wahojiwe pande zote mbili.

Kwa hiyo kila mwanachama aangalie mstari wake mmoja badala ya kujumlisha upya mistari 94. Alinganishe safu ya michango na ile ya faini na stakabadhi aliyonayo, akikumbuka kuwa ada aliyotozwa na mtandao wa simu wakati wa kutuma si sehemu ya mchango. Mwenye dosari aiwasilishe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, akiambatisha nakala ya stakabadhi na kubaki na halisi. Dosari itakayoletwa baada ya hapo haitakataliwa, ila itaandikwa katika kipindi kinachofuata kwa hati ya marekebisho yenye saini ya mwenyekiti na mkaguzi, kwa sababu hesabu zikishakaguliwa na kufungwa hazifunguliwi. Vitabu vya stakabadhi, karatasi za kikokotoo na taarifa ya benki vinaweza kusomwa ofisini mbele ya mkaguzi. Havitolewi nje.

Wenu katika utumishi,
Mweka Hazina