Upungufu wa nishati kwa binti mkimbiaji: maana yake

Kwenye kambi za mbio husemwa kwamba binti akikosa hedhi wakati wa mazoezi makali, hiyo ni kawaida, mwili umeshazoea kazi. Kauli hiyo imewaponza wengi. Hedhi inayokatika kwa mkimbiaji mara nyingi ni dalili ya upungufu linganishi wa nishati katika michezo, hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina hilo mwaka 2014. Huitwa linganishi kwa sababu chakula hupimwa kwa kukilinganisha na kazi. Binti anaweza kumaliza sahani nzima, asiwe anajinyima hata kidogo, na bado akapungukiwa.

Hesabu yake ni hii. Chukua nishati iliyoliwa kwa siku, toa iliyotumika mazoezini, kisha gawanya kinachobaki kwa kilo za mwili zisizo mafuta, yaani misuli, mifupa na viungo. Jibu ndilo fungu la moyo, ubongo, homoni na ukarabati wa mifupa.

Tuseme binti wa miaka 17 anafanya mazoezi Iten. Ana kilo 48, na ukiondoa mafuta zinabaki kama 40. Anakimbia kilomita 12 alfajiri kabla ya kula chochote, na 5 jioni, kazi inayochoma takriban kilokalori 800. Chai, ugali na sukuma wiki vya siku nzima vinampa 1,800. Zinabaki 1,000, sawa na 25 kwa kila kilo. Kiasi kinachotosha ni karibu 45. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa chini ya 30, siku 5 tu zinatosha kuvuruga homoni zinazoongoza hedhi. Hiyo 30 si mpaka mkali, maana wengine huathirika wakiwa juu yake, lakini huyu wetu yuko mbali na usalama.

Ubongo ukiona fungu ni dogo, hupunguza ishara zinazoamsha ovari. Estrojeni hushuka na hedhi hukoma. Mizani huenda isionyeshe kitu, kwa kuwa mwili hubana matumizi na uzito ukabaki palepale. Ndiyo maana kumwangalia binti kwa macho, ukasema mbona si mwembamba, hakusaidii. Kinachofaa ni kufuatilia tarehe zake. Akikosa hedhi miezi 3 mfululizo, au akifikisha miaka 15 bila kuvunja ungo, apelekwe kwa daktari. Huko ujauzito, tezi ya shingo na sababu nyingine ziangaliwe kwanza kabla ya kulaumu chakula.

Estrojeni ndiyo inayozuia mfupa usimomonyoke kupita kiasi. Kila mbio huacha nyufa ndogo mno, ambazo mwili huziba wakati wa mapumziko. Nishati na homoni zikipungua, uzibaji hubaki nyuma ya uharibifu hadi ufa unakuwa mkubwa. Mara nyingi hutokea kwenye muundi au mifupa ya wayo. Maumivu ya misuli husambaa na hulegea ukishapata joto, lakini ya ufa hukaa sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, huzidi kadiri unavyokimbia, na baadaye huuma hata usiku. Picha ya eksirei ya wiki za kwanza inaweza kuwa safi kabisa huku ufa upo. Maumivu ya kinena ndiyo ninayoyaogopa zaidi: yanaweza kuwa ufa wa shingo ya mfupa wa paja, na mfupa huo ukikatika unahitaji upasuaji. Aache kukimbia siku hiyohiyo.

Turudi kwa binti wetu. Ili afike 45 anahitaji kilokalori 2,600, yaani 800 zaidi. Kuongeza sukuma wiki hakutaziba pengo hilo, maana inajaza tumbo bila kuleta nishati nyingi. Ndizi 2 kabla ya kutoka alfajiri, chapati na glasi ya maziwa mara anaporudi, kisha yai la kuchemsha na konzi ya karanga mchana vinakaribia kiasi hicho, na havimlazimu kubadili mlo wa familia. Muda nao una uzito, kwani kukimbia tumbo tupu kisha kungoja mlo hadi saa sita kunaurudisha mwili kwenye njaa ileile. Maziwa, omena na mtindi humsaidia kufikia miligramu 1,300 za kalsiamu ambazo umri wake unahitaji kwa siku, ila kalsiamu peke yake haitibu kitu kama nishati bado ni pungufu.

Wengine huandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango ili damu irudi. Damu itaonekana, lakini hiyo inatokana na vidonge, na mfupa haupati kinga iliyokusudiwa, huku dalili iliyokuwa ikituonya imefichwa. Kinachorudisha hedhi yake mwenyewe ni kula zaidi na kupunguza kilomita, na huenda ikachukua miezi kadhaa.