Ile "h" ya "hatalipa": kuondoa mvumo wa friza kwenye mahojiano

Mahojiano yalikuwa ya dakika 52, yamerekodiwa kwa simu ndani ya duka la samaki karibu na ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Mama muuzaji anaeleza jinsi anavyowakopesha wateja mbuta na ngege, na jinsi madeni yanavyorudi au kupotea. Nyuma yake kuna friza, na friza inanguruma. Mtafiti aliyemhoji hakuthubutu kumwomba aizime, na nadhani alifanya vizuri: samaki ndio mtaji wa yule mama. Akaniletea faili niisafishe kabla ya kuipeleka kwa mnukuzi.

Nikaisafisha mpaka ikang'aa. Siku mbili baadaye mnukuzi akanipigia. "Kaka, hebu sikiliza dakika ya 41. Huyu mama anasema mteja atalipa, kisha anasema mpaka amfuate kwake. Mbona haziendi pamoja?" Nikafungua rekodi ya asili, yenye mvumo wake wote, na humo sentensi ilikuwa wazi kabisa: "Huyo hatalipa hivyo hivyo, mpaka nimfuate kwake." Herufi moja ilikuwa imeondoka, nami ndiye niliyeiondoa.

Katika Kiswahili tofauti kati ya "atalipa" na "hatalipa" ni pumzi tu. "Atarudi" na "hatarudi", "atanunua" na "hatanunua", ni hivyo hivyo: sentensi nzima inageuka kwa sauti ambayo haina mlio, ni hewa inayopita kooni. Mnukuzi hodari anaweza kusikiliza juu ya mvumo wa friza kutwa nzima, masikio yake yakachoka lakini maneno yakafika. Sauti iliyokwisha kufutwa hawezi kuirudisha. Kwa hiyo siku hizi kila ninachofanya kwenye faili nakipima kwa swali moja: je, "h" bado ipo?

Tuanze na mvumo wenyewe. Umeme wa Kenya hubadilisha mwelekeo mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Ndani ya mota ya kompresa, chuma huvutwa na sumaku mara mbili katika kila mzunguko, mkondo ukienda na ukirudi, kwa hiyo mlio mkubwa wa friza husikika kwenye hezi 100. Juu yake kuna ndugu zake, 200, 300 na kuendelea, kila mmoja kwa kawaida mdogo kuliko aliyetangulia. Video nyingi za mafunzo hutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, nao husema ukate 60 na 120. Ukifuata namba hizo hapa kwetu utakata mahali pasipo na mvumo na kuuacha mvumo ulipo.

Usikisie, tazama. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde chache ambazo mvumo upo na hakuna anayezungumza, kisha fungua `Analyze > Plot Spectrum`. Pale kwenye `Size` weka 16384 au zaidi. Ukiacha 2048 picha inakuwa butu: kwa rekodi yenye vipimo 44100 kwa sekunde, kila hatua ya mchoro ina upana wa hezi 21 na ushee, na vilele vinayeyukiana. Kwa 16384 hatua inashuka hadi chini ya hezi 3, na vilele vinasimama kama miti. Kwenye faili ya Dunga niliona kilele kirefu kwenye 100, kifupi kwenye 200, kidogo zaidi kwenye 300, na chini ya 80 rundo la mtetemo wa meza ambayo simu ilikuwa imelazwa.

Vilele hivyo huondolewa kwa kichujio chembamba kinachokata hezi hizo tu na kuacha jirani zake. Audacity wanakiita `Notch Filter`. Kina namba mbili: hezi unazotaka kukata, na `Q`, ambayo ni wembamba wa mkato. Gawanya hezi kwa Q upate upana wake: 100 kwa Q 30 ni mkato wa hezi 3 na kitu. Nimezoea 30. Kasi ya umeme hupanda na kushuka kidogo, na ukitumia jenereta hucheza zaidi kadiri mzigo unavyobadilika, kwa hiyo mkato mwembamba mno huukosa mvumo. Tena mkato mwembamba mno hubaki ukilia wenyewe kwa kitambo baada ya kila neno, kama sufuria iliyogongwa. Ukiwa na faili nyingi, fanya yote kwa amri moja ya ffmpeg, programu ya kuchakata sauti kwa kuandika amri:

```
ffmpeg -i dunga.wav -af "highpass=f=80,highpass=f=80,bandreject=f=100:t=q:w=30,bandreject=f=200:t=q:w=30,bandreject=f=300:t=q:w=30" dunga_safi.wav
```

Hizo `highpass` mbili hushusha kila kilicho chini ya hezi 80, yaani ule mtetemo wa meza. Zinafuatana mbili kwa sababu moja pekee hushusha polepole mno.

Watu huniuliza kama kukata 100 hakuharibu sauti ya mwanamume mwenye koo zito, maana sauti yake ya msingi huweza kuwa hapo hapo. Hugusa, lakini kidogo. Sauti ya mtu anayezungumza haitulii mahali pamoja. Hupita kwenye mkato na kutoka. Isitoshe, simu za kawaida tangu zamani zilibeba hezi 300 hadi 3400 tu, na bado ulimtambua baba yako akipiga kutoka mbali na ukaelewa kila neno. Sikio hujijengea sauti ya chini kutokana na zile za juu yake. Na "h"? Pumzi ya "h" imetawanyika juu ya hezi mia kadhaa hadi maelfu. Mikato mitatu myembamba haiwezi kuimaliza.

Sasa pale nilipokosea. Baada ya vichujio vile, mvumo ulikuwa umepungua sana, lakini kulibaki shhh nyembamba ya feni ya friza. Ningeiacha. Badala yake nikaenda `Noise Reduction`, nikachukua sampuli ya kelele kwa `Get Noise Profile`, nikaweka `Noise reduction` desibeli 24. Kifaa hiki hakikati hezi maalum. Hujifunza kutoka kwenye sampuli kiasi cha kelele katika kila ukanda wa sauti, kisha kokote kwenye rekodi ambako ukanda uko chini ya kiasi hicho, huushusha. Hakijui neno wala pumzi, kinajua kimo tu. "H" ni dhaifu, imetawanyika kila ukanda, tena mara nyingi hutokea baada ya kituo, wakati kila kitu kiko kimya. Kwa kifaa hiki inafanana na kelele.

Niliporudi kuitazama ile sampuli, nikakuta kosa kubwa zaidi. Nilikuwa nimechagua sekunde moja na nusu kati ya swali na jibu. Mwishoni mwake, robo sekunde kabla ya yule mama kuanza kusema, anavuta pumzi. Kwa sikio la kawaida huisikii, lakini ukikuza mchoro wa wimbi unaiona imevimba taratibu kama mgongo wa samaki. Nilikuwa nimekifundisha kifaa kwamba pumzi ni kelele, na chenyewe kikatii kila mahali.

Nikatafuta sampuli nyingine. Friza haingurumi muda wote: thamostati huiwasha na kuizima. Hapa ilizima dakika ya 19 na kuwaka tena dakika ya 27. Sampuli lazima itoke wakati inanguruma, la sivyo kifaa hakitajifunza chochote cha maana. Dakika ya 33 mteja aliingia, wote wakanyamaza wakimtazama akichagua samaki. Nikapata sekunde mbili safi bila pumzi ya karibu na simu. Nikashusha `Noise reduction` hadi 6, `Sensitivity` nikaweka 4. Zile dakika nane za ukimya wa friza sikuzigusa kabisa kwa kifaa hiki.

Kisha kipimo ambacho sasa sikiruki hata kazi ikiwa ya haraka. Dirisha lile lile lina kitufe cha `Residue`. Ukikichagua, Audacity inakupa kile tu itakachoondoa, si kile itakachobakiza. Vaa hedifoni usikilize takataka hizo. Zikiwa mvumo na shhh iliyotulia, endelea. Ukisikia vipande vya maneno, "s" zinazopita, au pumzi fupi fupi zinazolingana na mwanzo wa sentensi, hayo ni mazungumzo unayatupa. Nilirudia kwa ile 24 yangu ya kwanza ili nijue nilichofanya: dakika ya 41 kulikuwa na pumzi moja fupi, peke yake, mahali hasa pa "hatalipa". Kwa desibeli 6 na sampuli mpya haikuwapo tena.

Dalili nyingine ya kuzidisha ni sauti kama mapovu ya maji, au ndege wadogo wanaolia nyuma ya msemaji pale anaponyamaza. Ukizisikia, usiongeze kichujio kingine cha kuziondoa. Tendua, rudi nyuma, punguza.

Kuhusu kutuma. Usikate ukimya wa mwanzo wala usifupishe popote, kwa sababu mnukuzi anaandika dakika na sekunde, na mtafiti atazitumia kurudi kwenye rekodi ya asili. Faili mbili zikipishana hata sekunde nne, kila alama inakuwa uongo. Pia simu ikiwa tayari imebana sauti, kuibana tena kwa MP3 nyembamba kunakula sauti dhaifu zile zile ulizopigania. Natuma FLAC: dakika 52 za sauti ya mkondo mmoja kwa WAV ni karibu megabaiti 275, na FLAC huweza kuzipunguza kwa kiasi kikubwa bila kupoteza chochote, jambo linalosaidia ukinunua bando mwenyewe.

Ninaambatisha pia rekodi ya asili, yenye jina linaloeleweka, na ujumbe mfupi: "Dada, ukiona mahali neno linapinga la jirani yake, fungua hii yenye mvumo." Toleo la pili la Dunga lilirudi baada ya siku tatu. Kwenye ukurasa wa madeni kulikuwa na "hatalipa" moja na "hatarudisha" mbili. Hizo mbili hakuna aliyekuwa amezishuku mara ya kwanza, kwa kuwa sentensi zake zilileta maana hata bila "h".