Pero, perro, trabajó: dhana potofu kuhusu matamshi ya Kihispania kwa wazungumzaji wa Kiswahili

Mzungumzaji wa Kiswahili huanza Kihispania akiwa na mtaji mzuri. Irabu ni zilezile tano, na herufi ñ ni "ny" ya "nyumba". Urahisi huo ndio unaozaa makosa, kwa sababu msomaji huendelea kulisoma kila neno kwa kanuni za Kiswahili bila kujitambua.

Dhana: R ya Kihispania hutetemeshwa kila mahali.

Ukweli: Kihispania kina r mbili. Ya kwanza ni pigo moja jepesi la ncha ya ulimi kwenye ufizi, na tayari unayo katika "karibu" na "bahari". Hiyo ndiyo r ya *pero* (lakini) na *caro* (ghali). Ya pili ni kimadende kamili, mapigo mawili au matatu mfululizo, na katikati ya neno huandikwa rr: *perro* (mbwa), *carro* (gari). R moja pia hutamkwa hivyo ikiwa mwanzoni mwa neno, kama *rojo*, au ikifuata n, l au s, kama *Enrique* na *alrededor*.

Katika Kiswahili ukiivuta r ya "karibu" kwa msisitizo, neno linabaki lilelile. Katika Kihispania maana inageuka. Anayetetemesha kila r atasema *ahora* (sasa) na asikike *ahorra* (anaweka akiba).

Kuna kundi lenye kazi ya ziada hapa. Kikuyu hakina l, na katika Kiganda r na l hubadilishana kufuatana na irabu iliyotangulia. Kama lugha yako ya kwanza inakufanya uchanganye "kalamu" na "karamu", anza na tofauti hiyo kabla ya kimadende, maana *pelo* (nywele), *pero* na *perro* ni maneno matatu tofauti.

Dhana: Kimadende hutaka nguvu za ulimi.

Ukweli: nguvu ndizo zinazokiua. Ulimi hauchezeshwi na misuli. Hewa ndiyo inayousukuma, nao unarudi kwenye ufizi, na mchezo huo unajirudia wenyewe. Kazi yako ni kuuweka ulimi mahali pake na kuuacha legevu.

Bana kingo za ulimi kwenye magego ya juu pande zote mbili, ili hewa ipite mbele tu. Gusisha ncha kwenye ufizi, nyuma kidogo ya meno, bila kuikandamiza. Sukuma pumzi bila sauti mpaka usikie mtetemo, kisha ongeza sauti. Ukikwama, tumia neno "treni": litamke kwa haraka, halafu vuta r yake, "trrreni", maana t huiweka ncha mahali panapofaa. Ukishaweza hivyo, ondoa t ubaki na "rrreni", kisha nenda *rojo*, na mwisho *perro*, ambamo r imebanwa na irabu mbili na ndiyo ngumu zaidi.

Kosa utalijua kwa sikio. Ikisikika kama d, umeukandamiza ulimi. Ukisikia pumzi inayochuja bila pigo lolote, ncha iko mbali na ufizi au pumzi ni ndogo. Mtetemo ukitokea kooni, ulimi umerudi nyuma na mgongo wake ndio unaofanya kazi. Dakika tano mara tatu kwa siku zinafaa kuliko nusu saa moja, kwa sababu ulimi uliochoka hukakamaa.

Dhana: J ya Kihispania ni kh kali, na bila hiyo hueleweki.

Ukweli: inategemea mahali. Kaskazini ya Hispania ni "kh" nzito ya kooni, na anayetamka "kheri" au "akhera" kwa kh kamili hana cha kujifunza hapo. Meksiko hulainishwa. Kuba na nchi nyingine za Karibiani hutamkwa "h" tu, kwa hiyo aliyezungumza na madaktari wa Kuba waliokuja Kenya mwaka 2018 huenda hakusikia kh yoyote. Ukisema "h", utaeleweka kote.

Kinachoharibu ni j ya "jambo". *Jugo* (juisi) ikitamkwa kwa j yetu husikika kama *yugo*, yaani nira ya ng'ombe. Sauti hiyohiyo ya kh pia ni ya g inayofuatwa na e au i, kama *gente*. Na herufi h yenyewe haitamkwi kamwe ikisimama peke yake: *hijo* (mtoto wa kiume) ni "i-kho".

Dhana: Alama juu ya irabu ni pambo la maandishi.

Ukweli: alama hiyo inaonyesha mkazo, na kwa maoni yetu hapa ndipo Mswahili huharibu zaidi kuliko kwenye r. R dhaifu hukuonyesha kuwa mgeni, lakini mkazo ukikosea, umesema neno jingine. Kiswahili huweka mkazo karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunayo mifano michache ya maana kugeuka, kama "baraBAra" ya magari na "baRAbara" ya sawasawa. Kihispania kina mifano hiyo kila ukurasa: *TÉRmino* ni istilahi, *terMIno* ni ninamaliza, *termiNÓ* ni alimaliza.

Kanuni ni fupi. Neno linaloishia kwa irabu, n au s lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Linaloishia kwa konsonanti nyingine lina mkazo mwishoni: *haBLAR*, *espaÑOL*, *MaDRID*. Neno lisilofuata hayo huwekewa alama, nawe unaifuata.

Mitego miwili inatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Kwanza, sisi huongeza irabu mwishoni, kama tulivyopata "hoteli". *Hablar* ikawa "hablari", mkazo unabaki kwenye "bla" lakini neno limepata silabi isiyokuwepo. Funga neno kwenye konsonanti na uinyamazie. Pili, mkazo wetu huhama kiambishi kinapoongezwa: "PIka" huwa "piKEni". Wa Kihispania hauhami viwakilishi vinapobandikwa mwishoni mwa kitenzi: *COMpra* (nunua), *CÓMpralo* (kinunue), *CÓMpramelo* (ninunulie hicho). Ukisema "kompraMElo", umeuhamisha kwa mazoea ya "pikeni".

Dhana: Kila irabu ni silabi yake.

Ukweli: kwetu "ua" ni silabi mbili, lakini *bueno* ni "bwe-no", si "bu-e-no". I au u isiyo na alama ikikaa kando ya irabu nyingine kwa kawaida huyeyuka ikawa y au w. *Comió* (alikula) ni "ko-MYO".

Chukua sentensi hii: *Enrique trabajó ayer en el hotel*, Enrique alifanya kazi jana hotelini. Kwa mazoea ya Kiswahili inatoka "enRIke traBAjo aYEri eni eli hoTEli". Msikilizaji anakwama kwenye neno la pili, kwa sababu *traBAjo* ni "nafanya kazi", hivyo anasikia mtu anayemwita Enrique na kumwambia kwamba yeye mwenyewe anafanya kazi jana. Inavyotakiwa ni "en-RRI-ke tra-ba-KHO a-YER e-ne-lo-TEL": kimadende baada ya n, pigo moja tu kwenye "tra", mkazo mwishoni mwa kitenzi, na "en el hotel" kuunganishwa kana kwamba ni neno moja. Jirekodi kwenye simu ukigonga meza kwenye silabi nne zenye mkazo, RRI, KHO, YER, TEL, kisha sikiliza kwanza kama KHO imesikika juu kuliko "ba".