Chapa ya Tindo, Chapa ya Asidi na Litografia: Soma Kabla ya Kujaza Fomu ya Utambuzi

Fomu nyingi za utambuzi wa picha zilizochapwa zinazofika kwenye dawati letu siku hizi zimejazwa neno moja tu katika sehemu ya mbinu: "asili". Hilo si jina la mbinu. Sehemu hiyo inauliza mistari ya picha ilitengenezwaje, na jibu hupatikana kwa lenzi inayokuza mara 10 na taa ya mezani iliyolazwa ubavuni. Fomu isiyotaja mbinu hurudishwa, na mwombaji huanza upya mwisho wa foleni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa msanii Albrecht Dürer wa Nuremberg, kwa sababu mkono huohuo ulitumia mbinu mbili ndani ya miaka michache. Mwaka 1514 alichonga picha ya Melencolia I kwenye bamba la shaba. Chombo chake kilikuwa tindo, kijiti cha chuma chenye ncha iliyokatwa mshazari, kinachosukumwa mbele kwa kiganja. Tindo huingia kwenye shaba kidogokidogo, huzama kadiri mkono unavyoongeza nguvu, kisha hutoka. Ndiyo maana mstari wake huanza mwembamba kama unywele, hunenepa katikati na kuisha kwa ncha kali. Hata mstari uliopinda ni laini, kwa kuwa mchongaji hulizungusha bamba huku tindo likibaki karibu palepale. Hakuna kijivu halisi hapo: kivuli chote ni mistari iliyosongamana, iliyokatizana, na nukta katikati yake. Ukiweka lenzi, kijivu kinatoweka na mistari inabaki.

Mwaka 1518 Dürer alitengeneza mandhari yenye mzinga mkubwa wa vita, safari hii kwa asidi juu ya bamba la chuma. Katika mbinu hii bamba hupakwa tabaka jembamba linalostahimili asidi, kwa kawaida nta iliyochanganywa na lami na utomvu, kisha sindano hukwaruza tabaka hilo tu. Kinachochimba ni asidi. Sindano haikutani na ukinzani wa chuma, kwa hiyo mstari huenda huru kama wa kalamu, lakini unene wake ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na ncha zake ni butu. Linganisha ncha za mistari ya picha hizo mbili na swali la fomu litakuwa limejibiwa.

Weusi katika chapa ya asidi hutokana na muda. Sehemu za mbali, kama milima na mawingu, huchimbwa kidogo. Bamba hutolewa, sehemu hizo hufunikwa kwa vanishi, kisha bamba hurudishwa ili zilizobaki zizame zaidi. Msanii Jacques Callot alitumia utaratibu huo kwa ustadi mkubwa. Mistari ikikaribiana mno na kuachwa muda mrefu, asidi hula kuta zilizo kati yake, na mahali palipotarajiwa kuwa peusi panatoka kijivu kilichopauka, maana wino hauna mfereji wa kushikilia. Tabaka likiwa na tundu, vidoa vyeusi hutokea mahali ambapo sindano haikupita. (Wanaojaribu nyumbani: asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.)

Litografia haichimbi chochote. Alois Senefelder aliivumbua Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, akitumia jiwe la chokaa la Solnhofen. Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe, kisha unapaka gundi ya mgunga yenye matone ya asidi ili sehemu zisizochorwa zipende maji. Jiwe hulowanishwa, na wino wa mafuta hushika pale penye mafuta tu. Jiwe likikauka wakati wa kupaka wino, sehemu nyeupe huchafuka. Alama ya kidole nayo huchapika kama mchoro. Hapa kijivu ni chembechembe za ukwaru wa jiwe, kama chaki juu ya ukuta, na mchoraji Goya alikitumia hivyo katika picha zake za mafahali za Bordeaux, mwaka 1825. Taa ya ubavuni haitaonyesha wino ulioinuka, ambao chapa za tindo na asidi huwa nao kwa sababu karatasi iliyoloweshwa husukumwa ndani ya mifereji.

Tumesema mara nyingi, na tunarudia: mbonyeo wa bamba pembeni mwa karatasi si uthibitisho, kwani hubonyezwa kwa bamba tupu. Saini ya penseli pia si uthibitisho. Ukiona nukta zilizojipanga kwa safu sawasawa, hiyo ni nakala iliyotoka kwenye picha ya kamera, na haihitaji fomu yetu. Picha iliyo kwenye fremu iletwe na fremu yake. Usijaribu wino kwa kidole chenye mate. Karatasi iliyojaribiwa hivyo hatuipokei.